Kijani si mwisho wa upimaji

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayesimamia wahudumu wa afya ya jamii: "Utepe ukisoma kijani, mtoto hana shida, nenda nyumba inayofuata." Jamani, utepe huo wa rangi wa kupimia utapiamlo unapima mzunguko wa mkono tu, na upo utapiamlo mkali usioonekana mkononi.

Kujifunza kupima mkono ni kazi ya asubuhi moja. Mtoto awe wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto umelegea, utepe uzungushwe katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, uguse ngozi bila kuibana. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani.

Kinachorukwa ni miguu. Chukua mtoto wa miezi 22 ambaye mkono wake ni 12.9. Mashavu yamejaa, na mama anafurahi kwamba amenenepa wiki hii, ila anasema hataki kula na analialia. Mbonyeze kwa vidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa pamoja, hesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, huyo ana utapiamlo mkali na anapewa rufaa leo, rangi iwe yoyote. Kilichomnenepesha ni maji, kwa hiyo hata mizani itakudanganya. Kishimo kikibaki mguu mmoja tu, tafuta kidonda au jipu. Hiyo ni rufaa ya sababu nyingine.

Ndiyo maana kwenye fomu naweka kisanduku cha miguu kabla ya kile cha rangi. Rangi ikitangulia, mhudumu anatia alama kwenye kijani na kufunga daftari. Kisanduku chenyewe kina majibu matatu: imevimba, haijavimba, sijapima. Bila hilo la tatu, nafasi iliyoachwa wazi inasomwa kana kwamba mtoto hana uvimbe. Naomba pia namba iandikwe, kwa sababu 11.6 na 12.4 zote ni njano, lakini wa kwanza yuko ukingoni. Karatasi ya rufaa iwe na kipande ambacho kituo kitakijaza na kumrudishia mhudumu, la sivyo tunahesabu waliotumwa tukidhani ndio waliofika.

Uvimbe mdogo bado unanisumbua. Wahudumu wawili wazuri humbonyeza mtoto yuleyule wakapishana, na sijapata zoezi la kulimaliza hilo. Ninachowaambia ni kwamba wakipishana, wampe rufaa. Tena wapo watoto wenye uzito mdogo mno kwa urefu wao ambao mkono unasoma kijani na miguu haijavimba. Vipimo vyetu hivi viwili haviwanasi. Kwa ajili yao nimeongeza mstari mmoja chini ya fomu: "Mlezi anasema mtoto anakonda." Ukijazwa, mtoto anaenda kituoni kupimwa uzito na urefu.