Neptuni kwenye chati za wapenzi: ukungu huu ni wa nani?

Dada mmoja alinitumia picha ya simu yake usiku. Programu ya unajimu ilikuwa imelinganisha chati yake na ya mchumba wake, ikaandika kwamba Neptuni ya yule kaka, sayari ya ndoto na ukungu, imeangukia juu ya Zuhura yake, sayari ya mapenzi. Chini yake lilikuwepo onyo la udanganyifu. Akaniuliza, "Mwalimu, ina maana ananidanganya?"

Nilimwuliza kwanza mwaka wa kuzaliwa. Januari 1994, yeye na kaka wote ni wa miaka hiyohiyo. Hapo nikajua tuna kazi nyingine kabisa.

Neptuni inatembea polepole mno. Inachukua takriban miaka 165 kulizunguka Jua, kwa hiyo inakaa katika nyota moja kama miaka 14, na kwa mwaka inasogea nyuzi mbili hivi. Kuanzia 1984 hadi 1998 ilikuwa katika nyota ya Mbuzi. Yule dada ana Zuhura nyuzi 20 za Mbuzi, na Neptuni ya mwanzo wa 1994 ilikuwa hapohapo. Maana yake si mchumba peke yake mwenye Neptuni juu ya Zuhura yake. Karibu darasa lake zima la sekondari lilikuwa nayo. Na kubwa zaidi, yeye mwenyewe amezaliwa nayo: Zuhura na Neptuni zimeshikana ndani ya chati yake, kabla hajakutana na mwanamume yeyote.

Hili ndilo swali ninaloanza nalo kila nikiona Neptuni kwenye sinastria, yaani chati mbili zilizowekwa pamoja: ukungu huu mtu amekutana nao kwa mwenzake, au alikuja nao? (Falaki ya wazee wetu wa pwani haitusaidii hapa. Ina sayari saba na inaishia kwa Zohali, wakati Neptuni ilionekana kwa darubini kule Berlin mwaka 1846.)

Chati ninazozitumia kufundishia jambo hili ni za Charles na Diana wa Uingereza, kwa sababu tarehe zao zinajulikana na maneno yao wenyewe yamehifadhiwa. Saa ya kuzaliwa ya Diana ina ubishi, kwa hiyo nashughulika na sayari tu, naacha nyumba za chati, maana hizo hutegemea saa.

Charles alizaliwa Novemba 1948, Zuhura yake ikiwa nyuzi 16 za Mizani na Neptuni nyuzi 14. Kama yule dada, alizaliwa na ukungu wake. Mtu wa namna hii hupenda sura ya mapenzi kabla ya kumpenda mtu, na aliye mbali humvutia kuliko aliye mezani naye. Neptuni hiyohiyo inaangalia Jua la Diana, lililoko nyuzi 9 na dakika 40 za Kaa, kwa pembe ya mraba. Tofauti inakaribia nyuzi nne na nusu. Kwangu hiyo ni pana. Mguso wa Neptuni kwa mwenzi naupa uzito ukiwa ndani ya nyuzi tatu, kwa sababu ukiilegeza Neptuni kila mtu atakuwa na ukungu na kila mtu.

Mguso unaonishika ni mwingine. Neptuni ya Diana ilikuwa nyuzi 8 za Nge, na Utaridi ya Charles nyuzi 6 karibu 7 za hiyohiyo Nge. Tofauti yao haifiki nyuzi mbili. Utaridi ni ulimi, ni maneno ya mtu. Neptuni ikikaa juu yake, mwenye Neptuni anasikia zaidi ya kilichosemwa. Neno la kawaida linakuwa ahadi, na pale mwenzake alipokaa kimya yeye anajaza mwenyewe.

Sasa rudi Februari 1981, siku ya kutangaza uchumba. Mwandishi anawauliza mbele ya kamera kama wanapendana. Diana anajibu, "Bila shaka." Charles anaongeza kwamba ndiyo, vyovyote vile neno kupenda linavyomaanisha. Miaka mingi baadaye Diana alieleza kwamba jibu lile lilimvuruga kabisa. Lakini Julai walifunga ndoa, naye alikuwa na miaka 20, na kwa hesabu yake mwenyewe walikuwa wamekutana mara 13 tu. Jibu lilitolewa waziwazi, dunia nzima ikalisikia. Charles hakuficha. Ndiyo maana nakataa kusoma Neptuni moja kwa moja kuwa uongo. Mara nyingi ukweli umeshasemwa, ila umepita kwenye sikio lililokwisha kuamua linachotaka kusikia.

Wanajimu wakitafuta wakati wa ukungu kuinuka, huangalia Zohali inapita wapi. Zohali ni ukuta, unagusa unajua hapa ni jiwe. Mwaka 1989 Zohali na Neptuni zilikutana mara tatu katika Mbuzi, kati ya nyuzi 10 na 12, zikilikabili Jua la Diana uso kwa uso. Mkutano wa tatu, wa Novemba, haukufika nyuzi moja kutoka kwenye ukabili kamili. Kwa maelezo yake mwenyewe, huo ndio mwaka Diana aliomfuata Camilla, mpenzi wa Charles, kwenye sherehe akamwambia kwamba anajua kinachoendelea. Desemba 1992 wakatangaza kutengana, na talaka ikatoka Agosti 1996.

Niseme wazi: kusoma chati baada ya tukio ni rahisi, na waliozaliwa siku moja na Diana walipitiwa na Zohali ileile bila ndoa ya kifalme. Sayansi haijauthibitisha unajimu. Mimi nautumia kama lugha ya kuulizia maswali, na kwa Neptuni lugha hiyo ina jambo moja ambalo sijalipata vizuri kwingine.

Ni hili: ukungu unaweza kuonekana umeondoka kumbe umegeuza rangi tu. Jana alikuwa malaika, leo ni shetani, lakini ukubwa ni uleule, bado anajaza chumba kizima. Huyo bado anatazamwa kupitia Neptuni. Ukungu ukiinuka kweli, mtu anarudi kwenye kimo chake. Anakoroma, ana deni, ana huruma kwa mama yake, hajui kuomba radhi. Na uchungu wake hauna kelele. Mwenye Neptuni anasema "nilipoteza miaka", na mwenzake, ambaye kwa kawaida hakuna anayemwuliza, anasema "hakuwahi kuniona mimi." Wote wawili wanasema kweli.

Yule dada nilimwomba anieleze mambo matatu ambayo mchumba wake aliyafanya mwezi uliopita, bila kutumia maneno atakuwa, angekuwa wala ana ndoto ya. Alianza, akasimama. Akaanza tena na biashara ambayo kaka ataifungua Arusha. Nikamkumbusha sharti. Baada ya kimya kirefu akasema, "Alinipeleka hospitali nilipougua malaria, akakaa mpaka saa nane usiku."

Tukaandika hilo, namba moja. Namba mbili na tatu aliomba muda akafikirie.