Saratani hutokaje kwenye utumbo mpana hadi ini?

Saratani ilianza kwenye utumbo mpana, imefikaje kwenye ini?

Seli za kawaida zikioteshwa kwenye sahani ya maabara hugawanyika mpaka zigusane pande zote, kisha husimama zikiwa tabaka moja tu. Ukikwangua ukanda mwembamba katikati, zile za ukingoni huanza tena kusogea na kugawanyika, huziba pengo, halafu hutulia. Kugusana huko ndiko kunakozizuia: protini iitwayo kadherini-E hutokeza kwenye utando wa kila seli na kushikana na ya jirani, na mshikano huo husaidia kuizuia protini nyingine, YAP, isiingie kwenye kiini na kuamsha jeni za ukuaji. Seli nyingi za saratani hazitii tena kizuizi hicho. Hupandiana na kufanya vilima vidogo.

Hata hivyo, kurundikana si kusambaa. Kinyama kilichoota ndani ya utumbo kinaweza kukaa miaka mingi bila kuvuka utando wa msingi, ule mkeka mwembamba wenye kolajeni ambao seli za utumbo zimeukalia. Hatari hubadilika pale baadhi ya seli zinapolegeza kadherini zao, zikaanza kujongea, na vimeng'enya vinavyotolewa na seli hizo pamoja na tishu zinazozizunguka vikaumega mkeka huo. Zipo zinazoondoka moja moja, na zipo zinazoondoka kwa vikundi vidogo ambavyo bado vimeshikana.

Zikiisha kupenya ndani ya mshipa, safari ya kwanza huamuliwa na mkondo wa damu, kwa kuwa damu itokayo kwenye sehemu kubwa ya utumbo hupita kwanza katika ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Humo hukutana na mishipa myembamba sana, na nyingi hunasa. Kunasa nako hakutoshi: katika majaribio ya wanyama, seli zinazofaulu kuanzisha uvimbe mpya ni chini ya 1 kati ya 100 zilizoingizwa kwenye damu, kwani nyingine husagwa na msukumo wa damu, huuawa na seli za kinga, au hufa kwa kukosa pa kujishikiza. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Mwingereza, Stephen Paget, alizifananisha na mbegu ambazo huota tu zikiangukia udongo unaozifaa. Nadhani mfano huo unaeleza vizuri kile ambacho mkondo wa damu peke yake hauwezi kukieleza.

Kipande cha uvimbe huo wa ini kikitazamwa kwa darubini, mara nyingi huonekana seli zilizojipanga kwa mfano wa tezi za utumbo, na kwa kawaida bado zina protini ya CDX2, ambayo seli za ini zenyewe hazina. Kwa hiyo daktari huuita saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, wala si saratani ya ini, na huchagua dawa za saratani ya utumbo.