"Sababu" katika swali la historia: upinzani wa Wanandi, 1895 hadi 1905

Ukisimama Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu, asubuhi isiyo na ukungu, unaona ukuta wa milima umeinuka upande wa kaskazini mashariki. Juu ya ukuta huo ndiko Nandi. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huuona kila siku wakija shule, na bado swali la upinzani wa Wanandi ndilo linalowapotezea alama nyingi katika karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali. Si kwamba hawajui habari. Habari wanazo tele. Wanachokosa ni maana ya neno moja lililo ndani ya swali: sababu.

Katika insha ya historia, sababu ni jambo lililokuwepo kabla ya kitendo na likawafanya watu wachague kitendo hicho. Maneno mawili hapo ni ya kushikwa kwa mikono yote miwili: "kabla" na "wakachagua". Jambo lililotokea baada ya vita si sababu ya vita, hata liwe kubwa namna gani. Na jambo lililowafanya Waingereza washambulie si lazima liwe ndilo lililowafanya Wanandi wapinge. Swali likiuliza kwa nini Wanandi walipinga, jibu lazima likae upande wa Wanandi.

Tuchukue kisa cha Peter West. Mwaka 1895 mfanyabiashara huyu Mwingereza aliuawa akipita katika nchi ya Wanandi, pamoja na watu kadhaa wa msafara wake. Kabla mwaka huo haujaisha, Waingereza walituma jeshi kuwaadhibu Wanandi, na hapo ndipo vitabu huanza kuhesabu miaka ya upinzani. Mwanafunzi anaandika: "Wanandi walipinga kwa sababu Peter West aliuawa." Hapana. Kuuawa kwa West kulikuwa sababu ya jeshi la Waingereza kuja. Kwa Wanandi, kitendo hicho kilikuwa tayari ni upinzani wenyewe. Sababu inapatikana ukiuliza swali la nyuma yake: kwa nini mgeni aliyekuwa akipita na bidhaa zake alichukuliwa kuwa adui?

Hapo ndipo jibu linaanza kuwa na nyama. Wanandi walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kuwazuia wageni. Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeshambuliwa huko tangu miongo kadhaa nyuma, na wafanyabiashara wengi walijifunza kuizunguka nchi hiyo badala ya kuikata katikati. Tena, katika karne ya 19 Wanandi walikuwa wamepata nguvu dhidi ya majirani zao, wakiwemo Wamaasai ambao zamani ndio waliokuwa wakiogopwa. Watu wenye historia ya namna hiyo hawakuona kwa nini wamwogope mgeni mweupe mwenye bunduki chache. Kumbuka pia kwamba Uganda ilitangazwa kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1894, na njia ya kuifikia kutoka pwani ilipita sehemu hizi hizi. Wageni, ambao hapo zamani walikuwa wakija mmoja mmoja, sasa walianza kuja kwa mfululizo, na wakaanza kujenga ngome na kukaa. Kwa Wanandi hilo lilikuwa tishio kwa uhuru wao.

Sasa tufike kwenye reli, kwa kuwa ndipo wengi wanapoteleza. Karibu kila daftari ninalosahihisha linasema upinzani ulianza kwa ajili ya reli. Tazama tarehe. Mapigano ya kwanza ni ya 1895. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Kwa hiyo reli haiwezi kuwa ndiyo iliyouanzisha upinzani mwaka 1895. Lakini usiifute kwenye jibu! Ni sababu ya kweli ya upinzani kuwaka tena kwa ukali kuanzia 1900, wakati mafundi na vibarua walipofika karibu na mpaka wa Nandi. Chuma na waya wa simu viliwavutia Wanandi: waya uligeuzwa mapambo na bolti zikafuliwa kuwa silaha. Waingereza waliita jambo hilo wizi, wakatuma jeshi, na mapigano yakaanza upya. Mwanafunzi anayeandika "ujenzi wa reli kuanzia mwaka 1900 ulizidisha upinzani" ameonyesha kwamba anaelewa mfuatano wa mambo. Anayeandika "reli ilileta vita mwaka 1895" ameonyesha kwamba amekariri.

Reli inaungana na utabiri wa Kimnyole arap Turukat. Huyu alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, na baba yake Koitalel arap Samoei. Inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atakayetema moshi na moto, akitoka kwenye ziwa la mashariki kwenda kukata kiu kwenye ziwa la magharibi. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, lakini maneno yake yalibaki. Katika jibu la mtihani utabiri huu ni hoja nzuri mradi ufafanue ulivyofanya kazi. Ukisema tu "kulikuwa na utabiri" umetaja. Ukisema kwamba utabiri uliwafanya Wanandi wawaone wageni kuwa hatari waliyokwisha kuonywa juu yake, umefafanua.

Na hapa tunaingia kwenye muundo wa jibu. Maswali marefu ya karatasi hii hubeba alama 15 kila moja, yakigawanywa sehemu mbili. Sehemu moja inakuambia utaje, nyingine inakuambia ueleze. Mtihani wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, lakini tofauti ya amri hizo mbili ni ile ile katika lugha yoyote. Ukiambiwa utaje sababu tano kwa alama tano, sentensi fupi tano zinatosha. Aya ndefu hapo inakula muda wa swali jingine. Ukiambiwa ueleze sababu tano kwa alama kumi, kila sababu ina alama mbili: moja ya hoja na moja ya ufafanuzi. Mwanafunzi akitoa hoja tano safi bila ufafanuzi anapata tano kati ya kumi, kisha anashangaa, maana kwa macho yake amejibu yote.

Mimi huwaagiza wanafunzi waandike kila sababu kwa sentensi mbili. Ya kwanza ina jambo lenyewe. Ya pili inaanza kichwani na "kwa hivyo Wanandi…" hata kama maneno hayo hayaandikwi. Angalia jibu hili:

"Wanandi walitaka kulinda uhuru wao. Walikuwa wamejitawala kwa muda mrefu chini ya viongozi wao na vikosi vyao vya kivita, kwa hivyo hawakukubali Waingereza wajenge ngome na kutoa amri katika nchi yao."

Mtahini akisoma hapo hana la kutafuta. Hoja iko mwanzo wa aya, na ufafanuzi unaonyesha namna jambo hilo lilivyozaa upinzani. Linganisha na hili nililolikuta kwenye daftari moja: "Wanandi walikuwa watu wenye nguvu na Koitalel alikuwa kiongozi wao na walikuwa na vikosi na waliishi milimani." Mambo manne, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililofungwa kwenye swali.

Tena, mengi ya mambo hayo manne hujibu swali jingine kabisa: kwa nini upinzani wa Wanandi ulidumu kwa muda mrefu? Maswali haya mawili yanafanana kama mapacha, na watahini wanajua hivyo. Milima na misitu haikumfanya Mnandi yeyote aamue kupigana. Ilimsaidia kuendelea kupigana, kwa kuwa jeshi la Waingereza lilipata taabu kuwafuata huko. Vivyo hivyo maasi ya askari wa Kisudani yaliyozuka mwaka 1897 karibu na Eldama Ravine: yaliwashughulisha Waingereza na kuwapa Wanandi nafasi ya kupumua, lakini hayakuwa sababu ya Wanandi kupinga. Kipimo ninachotumia ni rahisi. Liondoe jambo hilo, kisha jiulize: je, Wanandi wangepinga hata hivyo? Ukiondoa misitu, wangepinga, ila pengine wangeshindwa mapema. Basi misitu ni ya swali la muda. Ukiondoa tishio kwa uhuru wao, hakuna kilichobaki cha kupigania. Basi hilo ni sababu.

Koitalel ndiye anayesumbua kipimo hiki, kwani anafaa pande zote mbili. Katika swali la sababu, andika kwamba akiwa Orkoiyot aliwahimiza watu wake wawakatae Waingereza, na neno lake lilikuwa na uzito wa dini. Katika swali la muda, andika kwamba aliwaunganisha wapiganaji na kuratibu mashambulizi kwa miaka kumi. Mtu ni yule yule, sentensi si ile ile. Ukinakili ya kwanza kwenye swali la pili, alama inapotea ingawa jina ulilotaja ni sahihi.

Kosa la mwisho linahusu ardhi, nalo hunitia huzuni kwa sababu linatoka kwa wanafunzi wanaoujua vizuri uchungu wa jambo lenyewe. Wanaandika kwamba Wanandi walipinga kwa kuwa ardhi yao ilipewa walowezi na wao wakasukumwa kwenye hifadhi mbali na reli. Hayo yalitokea, lakini yalifuata kushindwa kwao. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kwenye mkutano ulioitwa wa kutafuta amani, na huko akapigwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen. Upinzani ukavunjika, jeshi likawafurusha watu, na ardhi ikachukuliwa. Kuhamishwa huko ni matokeo. Sababu ni hofu ya kunyang'anywa ardhi, ambayo ilikuwepo tangu ngome za kwanza zilipojengwa. Kwa hiyo kwenye swali la sababu andika "waliogopa kupoteza ardhi yao", na ile sentensi ya walowezi na hifadhi iweke akiba. Sehemu ya pili ya swali mara nyingi huuliza matokeo, na hapo ndipo mahali pake.