Umefungua poti kwenye rauta na bado hakuna anayeingia? Angalia CGNAT kwanza

Swali hili naulizwa na watu wengi wanaoweka seva nyumbani. Mtu kafanya kila kitu sawa, kampa seva yake anwani isiyobadilika 192.168.1.50, kaingia kwenye rauta akaweka sheria ya kufowadi poti 8443, akasevu, rauta ikakubali bila shida, halafu akitoka nje akajaribu kwa data ya simu ukurasa unazunguka weeee mpaka unakata. Anarudia, anabadilisha poti, anawasha DMZ, anazima fayawoli, anarisiti rauta, na hakuna kinachobadilika kwa sababu tatizo haliko ndani ya nyumba yake kabisa.

Sheria ya kufowadi poti inafanya kazi pale tu rauta yako yenyewe inapokuwa na anwani ya umma. Ila anwani za IPv4 zilishakuwa chache, fungu kuu la IANA liliisha Februari 2011, kwa hiyo watoa huduma wengi sasa wanachukua anwani moja ya umma wanawagawia wateja wengi kwa pamoja. Katikati wanaweka mashine yao kubwa ya NAT, hiyo ndo CGNAT. Yaani una NAT mbili, ya kwako nyumbani na ya kwao, na we una uwezo wa kugusa moja tu.

Tuchukue mfano. Rauta yako upande wa WAN imepewa 100.72.14.9, na dunia inakuona kama 203.0.113.25. Ukifungua websaiti yoyote, paketi inatoka, CGNAT inaandika kwenye jedwali lake kwamba poti fulani ya 203.0.113.25 kwa sasa ni ya 100.72.14.9, na jibu likirudi linajua liende wapi. Sasa rafiki yako huko nje anapiga 203.0.113.25:8443. Paketi inafika kwa mtoa huduma, CGNAT inaangalia jedwali, haioni mtu yeyote aliyeanzisha mazungumzo hayo kutoka ndani, na nyuma ya anwani ile kuna nyumba kibao, impelekee nani? Inaitupa. Rauta yako haikuiona hata kidogo, kwa hiyo ile sheria uliyoandika vizuri haikupata nafasi ya kusomwa.

Kujua kama uko huko ni rahisi. Fungua ukurasa wa hali wa rauta uangalie anwani ya WAN, halafu kwenye kompyuta ya nyumbani andika:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Zikilingana, una anwani ya umma na tatizo ni jingine. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine mbele yako. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 basi ni CGNAT, fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Wengine wanatumia 10.x.x.x, hapo hakikisha kwanza kwamba si modemu yako mwenyewe inayofanya NAT kabla ya rauta. Ukitaka kuona kwa macho, washa `tcpdump -ni any tcp port 8443` kwenye seva huku mtu wa nje anajaribu. Kimya kabisa maana yake paketi hazifiki.

Kuna kitu kinachochanganya watu sana hapa. Huduma za DDNS kwenye rauta nyingi zinasajili anwani ya WAN, kwa hiyo jina lako linaelekea 100.72.14.9. Ukijaribu jina hilo ukiwa nyumbani, kwenye rauta nyingi linafunguka! Ni kwa sababu rauta inaitambua anwani ile kuwa yake yenyewe na inakurudisha ndani, paketi haijatoka hata mlangoni. Kwa hiyo jaribio la maana ni la mtandao mwingine tu, zima waifai kwenye simu. Na DDNS hata ikisajili anwani sahihi haikusaidii, jina linaonyesha njia ya kufika kwenye CGNAT na safari inaishia pale pale.

Sasa ufanyeje. Kwanza piga simu kwa mtoa huduma uulize kama wanatoa anwani ya umma, wengine wanatoa kwa malipo ya ziada na ile sheria yako ya mwanzo inaanza kufanya kazi bila kugusa kitu. Pili angalia kama umepewa IPv6, maana huko hakuna haja ya kugawana, kila kifaa kinapata anwani yake na unachofanya ni kuruhusu poti kwenye fayawoli ya rauta. Kikwazo ni kwamba anayekuja lazima naye awe na IPv6, na kuna watoa huduma wanaozuia maunganisho yanayoingia.

Njia ninayoiamini zaidi ni kukodi VPS ndogo yenye anwani ya umma na kuunganisha nyumbani kwa WireGuard. CGNAT inazuia wanaoingia, ila wanaotoka inawaruhusu, kwa hiyo seva ya nyumbani ndo inapiga simu kwenda VPS na laini inabaki wazi. Upande wa nyumbani:

```
[Interface]
Address = 10.9.0.2/24
PrivateKey = ...

[Peer]
PublicKey = ...
Endpoint = 198.51.100.7:51820
AllowedIPs = 10.9.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho usiusahau. Bila huo, mkikaa kimya CGNAT inafuta ile rekodi kwenye jedwali na VPS inashindwa kukufikia mpaka nyumbani iongee tena, unaona inafanya kazi asubuhi jioni imekufa. Kila sekunde 25 inatuma kipaketi kidogo na rekodi inabaki hai.

Kwenye VPS, yenye 10.9.0.1 kwenye wg0:

```
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 8443 -j DNAT --to-destination 10.9.0.2:8443
iptables -t nat -A POSTROUTING -o wg0 -p tcp --dport 8443 -j MASQUERADE
```

Hiyo MASQUERADE watu wanaiacha halafu wanashangaa. Ukiiacha, paketi inafika nyumbani ikiwa na anwani ya mgeni wa nje, na WireGuard inaitupa kwa sababu umeiruhusu 10.9.0.1 peke yake. Gharama yake ni kwamba seva inaona wageni wote kama 10.9.0.1, kwa hiyo ukiwa na kitu kama fail2ban nyumbani ukafungia mmoja umefungia wote, kiweke kwenye VPS. Muunganisho ukigoma, andika `wg show` uangalie latest handshake. Haipo kabisa? Hakiki funguo na uone kama poti 51820 ya UDP iko wazi kwenye VPS. Ipo ya karibuni lakini ukurasa haufunguki? Basi huenda shida iko kwenye iptables, angalia na chain ya FORWARD kama inaruhusu.

Na kama ni wewe na familia tu mnaotaka kuingia, huhitaji kufungua poti kwa dunia nzima, weka Tailscale kwenye vifaa vyenu, inajaribu kuviunganisha moja kwa moja na ikishindwa inapitisha kwenye seva za kati, ingawa hapo spidi inaweza kushuka. Nayo inagawa anwani za fungu lile lile la 100.64, kwa hiyo ukiiona 100 kwenye kompyuta yako usikimbilie kusema ni CGNAT, ya kuangalia ni ile ya WAN kwenye rauta.