Muda mfu: kigunduzi cha mionzi kinapohesabu pungufu

Kigunduzi cha mionzi kikishapokea pigo moja, huhitaji muda kidogo kabla ya kuweza kupokea jingine. Muda huo huitwa muda mfu, na alama yake ni τ. Kwa neli ya Geiger mara nyingi huwa karibu mikrosekunde 100. Mapigo yanayoingia katika muda huo hayahesabiwi, kwa hiyo kasi inayosomwa (m) huwa ndogo kuliko kasi halisi (n).

Tuseme τ ni mikrosekunde 100 na mita inasoma mapigo 2,000 kwa sekunde. Kwa kigunduzi kisichopooza, pigo linaloingia wakati kimefungwa hupotea tu, bila kuongeza muda wa kufungwa. Basi katika kila sekunde kimefungwa kwa 2,000 × 0.0001, yaani sekunde 0.2. Mapigo yale 2,000 yamehesabiwa ndani ya sekunde 0.8 tu, hivyo kasi halisi ni 2,500:

```
n = m / (1 - m τ)
```

Kigunduzi kinachopooza kina tabia nyingine. Kila pigo linaloingia, hata lile lisilohesabiwa, huanzisha upya muda wa kufungwa:

```
m = n e^(-n τ)
```

Hapa n haitolewi kwa hatua moja. Anza na n = 2,000, kisha rudia n = m e^(nτ): utapata 2,443, halafu 2,553, halafu 2,582, na mwisho hutulia karibu 2,592. Tofauti na 2,500 si kubwa, na mτ ikiwa chini ya asilimia chache, kanuni zote mbili hutoa karibu jibu lilelile.

Kuna jambo ambalo marudio hayo hayaonyeshi. Mlinganyo huo una jibu la pili, takriban 25,400, nalo pia husomeka 2,000 kwenye mita! Sababu ni kwamba kasi inayosomwa hupanda hadi kilele, pale n inapofikia 1/τ (hapa 10,000, mita ikisoma karibu 3,680), kisha hushuka kadiri mionzi inavyozidi. Penye mionzi mikali sana mita inaweza kukaribia sifuri, na anayeiamini atadhani pako salama.

Namba moja haiwezi kukuambia uko upande gani wa kilele. Sogeza kigunduzi mbali kidogo na chanzo: usomaji ukishuka, uko upande wa kawaida, ukipanda, umevuka kilele, na jibu dogo halifai.

Vigunduzi vingi halisi huangukia katikati ya mifano hii miwili, kwa hiyo hasara ikizidi asilimia 30 hadi 40 mimi nisingetegemea kanuni yoyote. Ningeongeza umbali au kutumia chanzo dhaifu zaidi. Mionzi ya mazingira nayo huondolewa kwenye hesabu baada ya masahihisho, kwa sababu mapigo yake pia hukifunga kigunduzi.