Kumbukumbu za mkutano wa bodi, tangu kufunguliwa hadi kufungwa

Aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili ya Kenya aliwahi kuandika insha ya kumbukumbu: kichwa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, mwisho sahihi ya mwenyekiti na ya katibu. Kumbukumbu za bodi ya kampuni hufuata mpangilio huohuo, lakini mzigo wake ni mwingine. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kumbukumbu zilizotiwa sahihi na mwenyekiti ni ushahidi wa yaliyopita mkutanoni. Kwa hiyo anayeziandika humwandikia mtu ambaye hakuwepo: mkaguzi wa hesabu, wakili, au afisa wa benki anayetaka kujua ni nani aliyeruhusu watia sahihi wa akaunti wabadilishwe.

Msomaji wa namna hiyo huanza na jambo moja: je, bodi ilikuwa na uwezo wa kuamua dakika ile ilipoamua? Hapo ndipo kumbukumbu nyingi huanguka, hata zilizochapwa vizuri.

Tuchukue mfano wa kampuni ya wenye nyumba inayosimamia mtaa wa fleti huko South B. Ina wakurugenzi saba, na katiba yake inasema akidi, yaani idadi ya chini ya wakurugenzi inayotakiwa ili bodi iweze kuamua, ni wanne. Pia inasema mkurugenzi mwenye maslahi katika jambo hahesabiwi kwenye akidi ya jambo hilo, na kwamba anayeshiriki kwa video amehudhuria mradi anasikia na kusikika. Notisi ilitaja saa 11:30 jioni. Foleni ya Barabara ya Mombasa ikafanya yake, na mkurugenzi wa nne akaingia saa 11:48, wa tano akimfuata nyuma. Wawili walikuwa wametuma udhuru.

Saa ya kuandikwa kwenye ufunguzi si ile ya notisi, wala si ile watu walipoanza kunywa chai. Ni saa ambayo mwenyekiti alihakikisha akidi imetimia na kuufungua mkutano. Maombi yakiwepo, sentensi moja yatosha: “Mwenyekiti alifungua mkutano saa 11:50 jioni baada ya maombi, wakurugenzi watano kati ya saba wakiwepo, na akathibitisha kuwa akidi imetimia na notisi ilitolewa ipasavyo.” Meneja wa mtaa, aliyeitwa kutoa ripoti, huwekwa chini ya waalikwa. Ukimchanganya na wakurugenzi umeongeza kichwa kisicho na kura.

Ajenda ikishapitishwa hufuata tangazo la mgongano wa maslahi, kipengele ambacho insha ya shule haikuwa nacho. Hapa mkurugenzi mmoja akasema kampuni mojawapo iliyoomba kazi ya kubadilisha pampu ya kisima ni ya mdogo wake. Katibu ataje jambo lenyewe na uhusiano wenyewe. Kuandika kwamba “mkurugenzi mmoja alitangaza maslahi” bila kusema ni yapi hakumsaidii yeyote, hasa mkurugenzi huyo ambaye siku moja atahitaji kuonyesha kuwa hakuficha.

Kusoma na kuthibitisha kumbukumbu zilizopita hakuhitaji maelezo marefu. Kinachothibitishwa ni usahihi wa maandishi; si nafasi ya kuyajadili upya maamuzi. Kosa likipatikana, sahihisho huandikwa katika kumbukumbu za leo, kisha huandikwa nani alipendekeza zithibitishwe na nani aliunga mkono, na ni vizuri wawe watu waliokuwepo siku ile. Yaliyotokana na kumbukumbu hizo hufuata: kila agizo, aliyepewa, na limefika wapi.

Kwenye ripoti, angalia vitenzi. Bodi “ilipokea” ripoti ya fedha ina maana imeletewa na kuisikia. Bodi “iliidhinisha” bajeti ina maana imejifunga. Katibu anayetumia kimoja mahali pa kingine anaweza kuidhinisha deni ambalo hakuna mtu aliyelipigia kura.

Turudi South B. Saa 12:35 mkurugenzi mmoja aliondoka kumchukua mtoto. Wakabaki wanne, akidi bado ipo, na kuondoka kwake kukaandikwa pamoja na saa yake. Saa 12:42 bodi ikafika kwenye pampu, na yule mwenye mdogo akatoka chumbani. Wakabaki watatu. Orodha ya juu kabisa ya ukurasa bado inasema watano walihudhuria, na hiyo ndiyo hatari yake. Wangepiga kura wakati huo, mpinzani yeyote angeuhoji uamuzi huo, na fundi pia angebaki hajui kama mkataba wake unasimama.

Mwenyekiti alisimamisha kipengele hicho na kumpigia mmoja wa waliotuma udhuru, aliyekuwa Mombasa. Hivi ndivyo ingestahili kuandikwa:

“KUMB. 6/04/2025: PAMPU YA KISIMA. Saa 12:42 mkurugenzi aliyetangaza maslahi (tazama KUMB. 2/04/2025) alitoka chumbani. Akidi ilipungua na mjadala ukasimamishwa. Saa 12:55 mkurugenzi wa nne alijiunga kwa video. Mwenyekiti alithibitisha kuwa anasikia na kusikika, na kwamba akidi imetimia. Bodi ilizingatia bei tatu na maelezo ya meneja kuhusu dhamana. ILIAZIMIWA kwamba kampuni iliyotoa bei ya shilingi 1,850,000, yenye dhamana ya miaka miwili, ipewe kazi hiyo. Watatu waliunga mkono, mmoja alipinga na akaomba pingamizi lake liandikwe. Meneja atayarishe mkataba kabla ya Mei 9. Mkurugenzi aliyetoka alirejea saa 1:10 usiku.”

Tazama kilichoachwa nje. Hakuna nani alimjibu nani, wala nani alipandisha sauti kuhusu maji ya bowza. Sababu za uamuzi zimo kwa ufupi, na azimio limesimama peke yake, likiwa na kiasi, mhusika na tarehe. Namba ya kumbukumbu ndiyo itakayotajwa kwenye dondoo ikiombwa baadaye. Na kama yule wa Mombasa asingepatikana, maandishi sahihi yangekuwa mafupi zaidi: akidi ilikosekana, jambo likaahirishwa hadi mkutano ujao. Hilo linaudhi, lakini halivunji chochote.

Mengineyo ni kipengele cha kuangaliwa kwa jicho kali. Tarehe ya mkutano ujao au pole kwa aliyefiwa havina tatizo. Mkopo au ajira ikiletwa hapo, wasiokuwepo hawakupewa nafasi ya kujiandaa, na katibu mzoefu humnong’oneza mwenyekiti aipeleke kwenye ajenda ijayo.

Mwisho huandikwa kwa namna mbili zisizofanana. Ajenda ikiisha, mkutano hufungwa na saa huandikwa: “Kwa kuwa hapakuwa na jingine, mwenyekiti alifunga mkutano saa 1:40 usiku.” Ukikatizwa katikati, huahirishwa hadi siku na saa inayotajwa, na kikao kile cha pili ni mwendelezo wa mkutano uleule, kikishughulikia yaliyobaki tu.

Chini huachwa nafasi ya sahihi na tarehe, na hubaki tupu kwa sasa. Katibu husambaza rasimu ndani ya siku chache, wakati watu bado wanakumbuka nani alitoka saa ngapi. Mwenyekiti hutia sahihi kwenye mkutano utakaozithibitisha, na tarehe anayoandika ni ya siku hiyo ya kutia sahihi.