Kitovu cha ukuta uliopinda: kwa nini tunarudisha hesabu zenu

Malalamiko yameongezeka tangu tuanze kudai hesabu za kitovu kwa kila mchoro wa ukuta wa kuzuia udongo wenye uso uliopinda. Tunaamini wanaowasilisha michoro wana nia njema. Makosa tunayoyarudisha, hata hivyo, ni yaleyale, na karibu yote yanatokana na kuchanganya momenti mbili. Tuyaangalie kwa ukuta mmoja.

Ukuta ni wa zege, kimo chake meta 4 na kitako chake meta 2. Mgongo unaogusa udongo umesimama wima juu ya mhimili wa y, na uso wa mbele unafuata mpindo y = 4 − x². Ukiutazama ukuta kwa ubavu, eneo lililo chini ya mpindo huo kuanzia x = 0 hadi x = 2 ni 16/3, yaani meta za mraba 5.33.

Sasa likate eneo hilo katika vipande vyembamba vya wima. Kila kipande kiko umbali wa x kutoka mhimili wa y, kwa hiyo momenti ya kuzunguka mhimili huo ni:

M_y = ∫ x·y dx = 4

Lakini kutoka mhimili wa x, kitovu cha kipande kiko katikati ya kimo chake, yaani y/2, wala si kileleni. Nusu hiyo ndiyo inayosahaulika kila mara:

M_x = ∫ ½y² dx = 128/15

Gawanya kila momenti kwa eneo. M_y inakupa x̄ = 0.75, na M_x inakupa ȳ = 1.6. Ndiyo, momenti ya kuzunguka mhimili wa y ndiyo inayotoa x̄. Tumelieleza hili kwenye fomu, kwenye tangazo na dirishani, na bado tunapokea hesabu zilizobadilishana.

Wengine hutuambia kwamba wamehakiki, kwa kuwa nukta waliyoipata imeangukia ndani ya ukuta. Uhakiki huo hautoshi. Ukibadilishana majibu unapata (1.6, 0.75), na kwa x = 1.6 ukuta una kimo cha 1.44, kwa hiyo nukta iko ndani. Ukisahau nusu unapata (0.75, 3.2), nayo pia iko ndani, kwa sababu kimo hapo ni 3.44. Angalia umbo lenyewe: ukuta huu ni mpana chini na umejaa upande wa mgongo, hivyo ȳ lazima iwe chini ya 2, na x̄ chini ya 1. Majibu yote mawili ya makosa yanashindwa kipimo hicho.

Athari yake iko kwenye kupinduka. Tukichukua zege la kilonyutoni 24 kwa meta ya ujazo, kila meta ya urefu wa ukuta ina uzito wa kilonyutoni 128. Ukuta hupinduka kwa kuzunguka ukingo wa mbele wa kitako, ulio kwenye x = 2, kwa hiyo mkono wa uzito ni 2 − 0.75 = 1.25, na momenti ya kuushikilia ni 160. Udongo mkavu wa kilonyutoni 18 kwa meta ya ujazo, uliojazwa hadi juu na wenye kigawe cha msukumo cha 1/3, unasukuma kwa kilonyutoni 48 kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, na momenti yake ni 64. Uwiano ni 2.5, nasi hatupokei chini ya 2.

Anayeweka chanzo cha mihimili kwenye ukingo wa mbele, kisha akatumia 1.6 kama mkono badala ya 1.25, anapata uwiano wa 3.2. Huyo anaweza kuupunguza ukuta akidhani ana akiba asiyokuwa nayo. Hilo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

Msituulize tena kwa nini tunataka ȳ wakati kupinduka kumetumia x̄. Tetemeko huusukuma ukuta kwa ulalo, na nguvu hiyo hupita kwenye kitovu. Kwa sehemu ya kumi ya uzito, momenti inayoongezeka ni 12.8 × 1.6, yaani takriban 20.5, na uwiano unashuka hadi 1.89 hata kabla ya kuhesabu nyongeza ya msukumo wa udongo. Hali hiyo ina kiwango chake cha chini, tofauti na kile cha 2, na bila ȳ hatuwezi kuikagua.

Kwa hiyo, kwenye ukurasa wa kwanza onesha chanzo cha mihimili kilipo, na uelekeo wa x. Andika M_y na M_x kila moja peke yake, pamoja na mipaka na vizio vyake, kisha mhandisi mwenye usajili hai atie sahihi kila ukurasa. Hesabu isiyo na chanzo hurudishwa bila kusomwa, na kuiwasilisha upya ni ombi jipya lenye ada yake. Anayeanza kumwaga zege kabla ya hesabu kupitishwa atasimamishiwa kazi, na zuio haliondolewi kwa kuleta karatasi zilizosahihishwa tu: tunapima kwanza ukuta uliokwisha kujengwa, na hesabu inafanywa upya kwa vipimo hivyo.